Anguko kubwa la mfuko wako: jinsi ya kulipima kutoka kwenye taarifa za kila mwezi, na kujua lilichukua muda gani kurejea

Mwalimu wa sekondari mjini Moshi ana vipande kwenye mfuko wa pamoja uliochanganya hisa na hatifungani. Mshahara ukiingia, siku za mwisho wa mwezi, anaongeza shilingi 150,000. Taarifa yake inasomeka hivi: mwisho wa Februari shilingi 2,382,941, Machi 2,441,290, Aprili 2,469,225, Mei 2,515,258 na Juni 2,593,394. Kila mwezi jumla imepanda. Ukimwuliza kama mfuko wake uliwahi kuanguka, atakwambia haujaanguka, na karatasi itamuunga mkono.

Ukweli ni kwamba ndani ya miezi hiyo minne kila kipande chake kilipoteza asilimia 15 ya thamani. Hakuona kwa sababu mchango wake wa kila mwezi ulikuwa unaziba pengo. Mfano nimeutunga mimi na tarakimu nimezipanga ili hesabu ifuatike, lakini jambo lenyewe humpata yeyote anayechangia kila mwezi: jumla iliyo chini ya taarifa huchanganya kazi ya mfuko na kazi ya mfuko wako wa suruali. Ili kupima anguko lazima kwanza uvitenganishe. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo nitakayoikalia zaidi. Hesabu ya anguko lenyewe ni mistari miwili tu.

Tunachopima

Anguko ni umbali kati ya kilele cha juu kabisa ambacho uwekezaji umewahi kufika na mahali ulipo sasa, kwa asilimia ya kilele hicho. Anguko kubwa ni umbali mrefu kuliko yote katika historia uliyonayo. Muda wa kurejea ni miezi iliyopita tangu kufika chini kabisa hadi kukigusa tena kilele kile kile au kukipita. Wengine huhesabu tangu kileleni, wakiingiza na muda wa kushuka. Mimi huandika vyote viwili, kwa sababu mtu anayesubiri fedha zake husubiri tangu siku zilipoanza kushuka.

Usisahau kwamba asilimia za kushuka na za kupanda hazilingani. Kilichoshuka kwa asilimia 15 kinahitaji kupanda kwa asilimia 17.6 ili kirudi kilipokuwa, na kilichoshuka kwa nusu kinahitaji kupanda kwa asilimia 100.

Kukusanya namba

Chukua taarifa zako zote na uandike thamani ya mwisho wa kila mwezi. Angalia tarehe ya thamani yenyewe, si tarehe taarifa ilipochapishwa wala ulipoipokea kwenye barua pepe. Taarifa iliyotolewa tarehe 4 inaweza kubeba thamani ya tarehe 4, na ukiichanganya na zile za tarehe 30 utapata miezi mirefu na mifupi bila kujua.

Pembeni yake andika fedha iliyoingia au kutoka mwezi huo. Uliyoweka ni chanya, uliyotoa ni hasi. Gawio ndilo huwachanganya watu. Mifuko inayogawa mapato, kama Jikimu na Hatifungani ya UTT AMIS, inaweza kukupelekea gawio benki. Siku hiyo thamani ya kipande hupungua kwa kiasi kilichogawiwa, lakini hujapoteza kitu, maana fedha zimehamia mfukoni mwako. Basi gawio lililokwenda benki liandike kama fedha iliyotoka, yaani hasi. Ikiwa gawio lilinunuliwa vipande vingine moja kwa moja, usiliandike popote. Halikutoka nje ya mfuko, na ukiliandika kama mchango mpya utakuwa umeiibia faida yako mwenyewe.

Kama una mifuko miwili au zaidi na unataka kujua anguko la mali yote, jumlisha thamani zake kwa tarehe ileile. Kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine hakuingii kwenye safu ya fedha, kwani kwa mali nzima hakuna kilichoingia wala kutoka. Ila chunguza uhamisho uliofanyika tarehe 29: fedha huweza kuwa zimeondoka mfuko wa kwanza na bado hazijaonekana kwenye wa pili taarifa ilipokatwa. Mwezi huo utaonyesha mporomoko wa kutisha, na mwezi unaofuata kupaa kusikoelezeka. Ukikuta jozi ya namna hiyo, rudisha fedha zilizokuwa njiani kwenye jumla ya mwezi wa kwanza.

Kuondoa mchango kwenye hesabu

Fungua Google Sheets au Excel. Safu A iwe mwezi, B thamani ya mwisho wa mwezi, C fedha iliyoingia au kutoka, na D sehemu ya mwezi ambayo fedha hiyo ilikaa ndani ya mfuko. Mchango wa tarehe 30 una D ya 0, wa tarehe 1 una D ya 1, na wa tarehe 15 una 0.5. Mstari wa pili ni mwezi wa kuanzia, kwa mwalimu wetu Desemba. Badiliko la kila mwezi linaingia safu E, kuanzia mstari wa tatu:

```
E3: =(B3-B2-C3)/(B2+C3*D3)
```

Juu ya mstari wa mgao kuna kile ambacho mfuko wenyewe umezalisha au kupoteza baada ya kuondoa mchango. Chini kuna fedha zilizokuwa kazini, mchango ukihesabiwa kwa muda uliokaa tu. Kwa mwalimu, mwezi wa Aprili unatoa 2,469,225 toa 2,441,290 toa 150,000, yaani hasara ya 122,065 juu ya 2,441,290. Hiyo ni asilimia 5 kamili kwenda chini, katika mwezi ambao taarifa yake ilionyesha ongezeko la karibu shilingi 28,000.

Watu wengi huiona safu D kuwa ya ziada na kuiacha. Kwa mchango mdogo wa kila mwezi, kuiacha hakudhuru sana. Laiti mwalimu angeweka 150,000 zake za Aprili tarehe 1 na bado tukazihesabu kama za tarehe 30, tungepata hasara ya asilimia 5.3 badala ya 5. Lakini chukua mtu mwingine mwenye akiba kama hiyohiyo, ambaye malipo ya kahawa kutoka chama cha msingi yamemfikia na ameingiza shilingi 2,000,000 kwa mkupuo tarehe 1 Aprili. Mwisho wa mwezi ana 4,219,226. Ukijaza 0 kwenye D, jedwali litakwambia amepoteza asilimia 9.1. Ukijaza 1, litasema asilimia 5, ambayo ndiyo kweli. Kosa la namna hii halifutiki. Litabaki kwenye historia yote na linaweza kugeuka kuwa ndilo anguko lako kubwa, kumbe halikutokea. Kwa hiyo fedha kubwa iwekee tarehe yake sahihi, ndogondogo usizihangaikie.

Njia hii ya kugawa kwa muda ni makadirio mazuri, si kipimo kamili. Pale ambapo mchango ni mkubwa kuliko akiba yenyewe na soko limeyumba sana ndani ya mwezi huo, hupotoka. Dawa yake ipo na ni rahisi: tafuta thamani ya kipande siku fedha zilipoingia, kisha ukate mwezi huo vipande viwili, kabla na baada.

Faharisi, kilele na anguko

Sasa tunaunganisha mabadiliko ya kila mwezi kuwa mnyororo mmoja unaoanzia 100. Hiyo ndiyo faharisi yako: inaonyesha shilingi 100 zilizokaa ndani bila kuongezwa wala kupunguzwa zingekuwa ngapi.

```
F2: 100
F3: =F2*(1+E3)
G2: 100
G3: =MAX(F$2:F3)
H2: 0
H3: =F3/G3-1
I2: 0
I3: =IF(H3<0,I2+1,0)
```

Safu G ni kilele kilichofikiwa hadi mwezi huo, H ni anguko, na I huhesabu miezi mfululizo uliyokaa chini ya kilele. Buruta mstari wa tatu hadi mwezi wako wa mwisho wenye data, usiende mbele zaidi. Ukiburuta hadi kwenye mistari mitupu, programu itasoma thamani ya sifuri na kukuambia umepoteza asilimia 100. Kama inakataa fomula yenye mkato, mpangilio wa nchi kwenye faili lako unataka nukta mkato mahali pa mkato.

Anguko kubwa linapatikana kwa mstari mmoja, ukiweka badala ya 16 namba ya mstari wako wa mwisho:

```
=MIN(H2:H16)
```

Kwa mwalimu wetu, jedwali zima linakuwa hivi. Januari ya mwaka wa pili hakuchangia, na siku za mwisho za mwezi alitoa shilingi 1,500,000 kununua mabati ya nyumba.

| Mwezi | Thamani | Fedha | Faharisi | Anguko |
|---|---|---|---|---|
| Des | 2,000,000 | – | 100 | 0 |
| Jan | 2,190,000 | 150,000 | 102 | 0 |
| Feb | 2,382,941 | 150,000 | 104 | 0 |
| Mac | 2,441,290 | 150,000 | 100 | −3.8% |
| Apr | 2,469,225 | 150,000 | 95 | −8.7% |
| Mei | 2,515,258 | 150,000 | 91 | −12.5% |
| Jun | 2,593,394 | 150,000 | 88.4 | −15.0% |
| Jul | 2,790,333 | 150,000 | 90 | −13.5% |
| Ago | 3,014,742 | 150,000 | 92.4 | −11.2% |
| Sep | 3,216,945 | 150,000 | 94 | −9.6% |
| Okt | 3,469,614 | 150,000 | 97 | −6.7% |
| Nov | 3,712,614 | 150,000 | 99.6 | −4.2% |
| Des | 3,922,254 | 150,000 | 101.2 | −2.7% |
| Jan | 2,492,017 | −1,500,000 | 103 | −1.0% |
| Feb | 2,680,728 | 150,000 | 104.6 | 0 |

Kilele ni mwisho wa Februari, chini kabisa ni mwisho wa Juni, kurejea ni mwisho wa Februari iliyofuata. Ameshuka kwa miezi 4, amepanda kwa miezi 8, jumla miezi 12. Safu I itafika 11 Januari kabla ya kurudi 0, kwa kuwa inahesabu miezi iliyoisha ukiwa bado chini. Ongeza mmoja, ule wa kurejea.

Sasa tazama kosa la upande wa pili. Mtu angepima anguko moja kwa moja kwenye safu ya thamani, asingeona chochote kati ya Machi na Juni, halafu Januari angeona akiba ikitoka 3,922,254 hadi 2,492,017, anguko la asilimia 36. Mwezi huo mfuko ulipanda karibu asilimia 1.8. Mabati yangehesabiwa kama hasara ya soko, na hasara halisi ya soko isingehesabiwa kabisa.

Kuhakiki kwa bei ya kipande

Kama una mfuko mmoja tu na taarifa yako inaonyesha thamani ya kipande, una njia ya mkato: bei ya kipande haijui umechangia nini. Iweke kwenye safu ya faharisi moja kwa moja na uendelee. Kwa nini basi nimekupitisha njia ndefu? Kwanza, ukiwa na mifuko kadhaa hakuna bei moja ya kipande cha mali yako yote. Pili, kwenye mfuko unaogawa mapato, bei ya kipande peke yake hushuka kila gawio linapotoka na kukupa maanguko ya uongo.

Kwa hiyo mimi huitumia kama kipimo cha ukaguzi. Gawanya bei ya kipande ya kila mwezi kwa bei ya mwezi wa kwanza, zidisha kwa 100, kisha linganisha na safu F. Kwenye mfuko usiogawa mapato, zinapaswa kukaa karibu sana. Zikiachana ghafla mwezi fulani na kubaki zimeachana, kuna fedha iliyoingia au kutoka ambayo hukuiandika, au umeweka alama ya chanya mahali pa hasi. Zikiachana kidogo kidogo kila mwezi, kagua safu D. Tumia bei ya aina moja mwanzo hadi mwisho, maana bei ya kununulia na ya kuuzia vipande huweza kutofautiana kwa sababu ya ada.

Saa mbili zinazokimbia tofauti

Faharisi inajibu swali kuhusu mfuko. Mwalimu ana swali lingine: ni lini shilingi zake mwenyewe zilirudi? Linganisha thamani na jumla ya alichoweka, ukianza na zile 2,000,000 za Desemba. Mwisho wa Juni ameweka jumla ya 2,900,000 na ana 2,593,394, yaani amepungukiwa na 306,606. Mwisho wa Oktoba ameweka 3,500,000, ana 3,469,614, bado kidogo. Mwisho wa Novemba ameweka 3,650,000, ana 3,712,614. Amevuka.

Mfuko ulirejea kileleni Februari. Yeye alirudisha fedha zake Novemba, miezi mitatu mapema, kwa sababu michango ya Mei, Juni na Julai ilinunua vipande kwa bei ya chini. Asiyechangia chochote baada ya kuweka mkupuo wake Februari angesubiri miezi yote 12. Ukilinganisha mifuko, tumia faharisi. Ukijiuliza kama ungevumilia, tazama saa hii ya pili pia, lakini usimwambie mtu kwamba mfuko ulirejea Novemba.

Ambacho taarifa ya mwezi haioni

Taarifa ya mwezi huona siku moja kati ya thelathini. Mfano wa wazi ni soko la Marekani mwaka 2020. Faharisi ya S&P 500, bila gawio, ilifunga 3,386 tarehe 19 Februari na 2,237 tarehe 23 Machi: anguko la asilimia 34 kwa wiki tano. Ukitumia thamani za mwisho wa mwezi pekee, kilele ni 3,231 cha Desemba 2019 na chini ni 2,585 ya mwisho wa Machi: asilimia 20. Na kurejea? Kwa taarifa za mwezi ilirejea mwisho wa Julai, ilipofunga 3,271. Kwa bei za kila siku ilirejea tarehe 18 Agosti. Jedwali la mwezi lilipunguza kina cha shimo na likatangaza kurejea mapema, kwa kuwa halikuona kilele halisi.

Basi namba yako isome kama kiwango cha chini cha kilichotokea: anguko lilikuwa angalau kiasi hiki. Kwa hiyo usilinganishe anguko lako la mwezi na la mfuko mwingine lililopimwa kwa bei za kila siku. Na mwezi ukikosekana, uache. Ukijaza wastani wa mwezi uliotangulia na uliofuata unaweza kuwa umefukia shimo lenyewe. Badiliko la miezi miwili kwa pamoja linaingia kwenye fomula ileile, ila kumbuka kuihesabu miwili kwenye muda.

Mifuko ya hatifungani inahitaji jicho tofauti. Pale mfuko unapoongeza riba kidogo kidogo kwenye thamani ya kipande badala ya kufuata bei ya soko ya kila hatifungani, jedwali litaonyesha anguko la sifuri mwaka mzima. Sifuri hiyo imetokana na namna ya kuthamini, kwa hiyo usiiweke kwenye mizani moja na mfuko wa hisa zinazouzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ukadhani umepima kitu kimoja. Huko kwenye hisa nako kuna kampuni ambazo hisa zake hazibadilishani mikono kwa siku nyingi. Bei ya zamani huendelea kutumika, na anguko huonekana dogo au huchelewa.

Bei za vitu nazo zina lake. Mwalimu amerudi kileleni baada ya miezi 12 akiwa na nyongeza ya asilimia 0.6. Kama mfumuko wa bei mwaka huo ulikuwa asilimia 3, kwa thamani ya kununulia unga na mafuta bado yuko chini. Ukitaka kuliona hilo, chukua faharisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inayotolewa kila mwezi, ugawanye safu F kwayo, kisha upime upya. Muda wa kurejea ndio hubadilika zaidi kuliko kina.

Limebaki suala la jedwali linaloishia shimoni. Kama mstari wako wa mwisho una anguko lolote chini ya sifuri, muda wa kurejea haujulikani. Usiandike miezi uliyokwisha kusubiri kana kwamba ndiyo jibu. Andika "bado, miezi 7 hadi sasa", na usiuingize kwenye wastani wa maanguko yaliyokwisha, kwani utaufupisha. Mwanzo wa jedwali una tatizo lake pia. Mwezi wako wa kwanza unahesabiwa kuwa kilele kwa sababu tu ndipo historia yako ilipoanzia. Kama ulinunua vipande mfuko ukiwa tayari umeshuka, anguko lako litakuwa dogo kuliko la mfuko. Tafuta bei za kipande za miaka iliyotangulia, zianzishie faharisi nyingine pembeni, na utaona kilele ambacho hukuwahi kukikalia.